Wosia Haufiki Huku: Nani Huamua Pesa za Uzeeni za Marehemu?

Watu wengi wanaoajiriwa nchini Kenya hujaza fomu moja muhimu kuliko wosia, nao huijaza siku ambayo hawana nafasi ya kuifikiria. Siku ya kwanza kazini hupewa bahasha yenye barua ya uteuzi, fomu ya benki, fomu ya bima ya afya, na katikati ya rundo hilo, karatasi inayouliza: ukifa, malipo yako ya uzeeni alipwe nani? Kijana wa miaka ishirini na mitano huandika jina la mama yake, hutia sahihi, kisha huenda kutafuta ofisi yake ilipo. Karatasi hiyo huingia faili na kulala humo miaka ishirini.

Kwa muhula mmoja nilikuwa mdhamini wa mpango wa malipo ya uzeeni wa wafanyakazi. Nilichaguliwa na wenzangu, na nakiri kwamba niliomba kura bila kujua vyema kazi yenyewe ni ipi. Nilidhani tutakaa tukijadili hatifungani za serikali na riba. Sikudhani kwamba nitaketi mezani na watu wengine watano kuamua nani katika ukoo wa marehemu atapata nini. Makala haya yanahusu meza hiyo.

Mwenzetu mmoja alifariki mwaka 2019. Nimebadilisha mambo machache ili familia yake isitambulike, lakini kiini ni kilekile. Aliajiriwa mwaka 2001 akiwa kapera. Katika fomu aliandika wanufaika wawili: kaka yake mkubwa, asilimia 60, na mama yake, asilimia 40. Alioa mwaka 2006, akapata watoto wawili. Mwaka 2016 alikwenda kwa wakili akaandika wosia wenye mashahidi wawili, akaeleza waziwazi kwamba pensheni yake igawanywe sawa kati ya mkewe na watoto wake. Fomu ya mwaka 2001 hakuigusa. Alipofariki, akaunti yake katika mpango ilikuwa na takriban shilingi milioni sita.

Mjane alikuja ofisini na wosia. Kaka wa marehemu alikuja na nakala ya fomu. Kila mmoja aliamini kwamba karatasi yake inamaliza maneno.

"Daktari," mjane aliniambia, "mume wangu alikwenda kwa wakili, akalipa, akaandika. Kuna nini tena cha kujadili?"

Kaka naye, mtu mzima mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisema kwa upole: "Mwalimu, hii ni sahihi ya ndugu yangu. Mnangoja afufuke aseme tena?"

Kisheria wote wawili walikosea, na makosa yao ndiyo makosa ya wengi wetu.

Tuanze na wosia. Wosia hugawa mirathi, na mirathi ina mipaka. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, hutafsiri mali ya marehemu kuwa ni ile aliyokuwa huru kisheria kuitoa apendavyo alipokuwa hai, na ambayo haki yake juu yake haikukoma kwa kifo chake. Shamba ni lako: ukitaka unaliuza kesho. Gari ni lako. Pesa zilizo katika mpango wa uzeeni haziko hivyo. Huwezi kumpa rafiki yako, huwezi kuziuza, na mdai wako hawezi kwenda mahakamani akaamrishiwa kuzikamata. Zimewekwa katika amana isiyoweza kuvunjwa, na wenye kuzishika kisheria ni wadhamini. Ulichokuwa nacho wewe mwanachama ni haki ya kulipwa kwa masharti ya mpango. Sasa, kitu ambacho hukuwa na uhuru wa kukitoa ukiwa hai, utakitoaje kwa wosia ukiwa kaburini?

Sheria ya Mafao ya Kustaafu, Sura ya 197, haikuacha jambo hili kwa mantiki ya mawakili. Kifungu cha 36A kinasema kwamba mwanachama akifariki, mafao yanayolipwa na mpango hayatakuwa sehemu ya mirathi yake kwa ajili ya usimamizi, na yatalipwa na wadhamini kwa mujibu wa kanuni za mpango. Wakili wa mjane alipotuandikia barua akidai pesa kwa niaba ya msimamizi wa wosia, jibu letu lilikuwa fupi kwa sababu kifungu chenyewe ni kifupi.

Kuna wanaodai kwamba huu ni unyang'anyi: kwamba mtu amekatwa mshahara miaka kumi na minane kisha anaambiwa hana usemi wa mwisho. Naielewa hasira hiyo, lakini siikubali. Fikiria njia ya mirathi ilivyo. Familia hupeleka ombi mahakamani. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Hati ya usimamizi ikishatolewa, kwa kawaida husubiriwa miezi sita kabla haijathibitishwa na mali kugawanywa. Huo ni mwendo wa familia isiyogombana. Ikigombana, watoto humaliza shule ya msingi kesi ikiwa bado inatajwa. Isitoshe, mirathi hulipa madeni kwanza. Benki, Sacco, na jirani aliyekopesha wote husimama mbele ya mtoto. Pesa za uzeeni zilitengwa ili mwenye kuzichangia na wanaomtegemea wasilale njaa. Kuzitoa nje ya mirathi kunawawahishia wanaomtegemea na kunaziepusha na wadai. Kwa hilo, sheria ina haki.

Sasa tuje kwa kaka na fomu yake. Kifungu cha 36A hakisemi kwamba mafao yatalipwa kwa mujibu wa fomu. Kinasema, kwa mujibu wa kanuni za mpango. Hapo ndipo mahali pa kutazama, na ndipo ambapo karibu hakuna mwanachama hutazama. Kanuni za mipango hazifanani. Zipo zinazowafunga wadhamini kumlipa aliyeteuliwa. Zipo zinazosema kwamba uteuzi ni mwongozo tu, kwamba wadhamini watauzingatia lakini uamuzi ni wao. Maneno mawili matatu katika kitabu cha kanuni yanaweza kuhamisha mamilioni kutoka nyumba moja hadi nyingine. Laiti kanuni zetu zingekuwa za aina ya kwanza, kaka angeondoka na shilingi 3,600,000, mama mzazi na 2,400,000, na mjane na watoto wangeondoka na wosia mzuri usio na pesa ndani yake.

Kanuni zetu zilikuwa za aina ya pili. Kwa hiyo fomu ilikuwa ushahidi wa alichotaka marehemu mwaka 2001. Na hapa wosia, ambao tulikuwa tumeukataa kama amri, ulirudi kwa mlango mwingine: nao ulikuwa ushahidi wa alichotaka mwaka 2016. Jambo hili ningependa lishikwe vizuri. Wosia hauwaamuru wadhamini, ila mdhamini mwenye busara hawezi kujifanya hakuuona.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kutafuta ni nani hasa walikuwa wakimtegemea marehemu. Tulianza, kama ilivyo desturi, na barua ya chifu inayoorodhesha familia. Ilitaja mjane, watoto wawili wa miaka kumi na miwili na tisa, na mama mzazi wa miaka themanini. Tulitazama vyeti vya kuzaliwa, stakabadhi za karo, hata kijitabu cha mazishi, kwa kuwa familia nyingi huandika humo ukweli ambao hauonekani katika barua rasmi. Kijitabu na barua vilikubaliana. Tulikaribia kufunga jalada.

Wiki moja kabla ya kikao, mwanamke mmoja alifika mapokezi na mtoto wa miaka mitano. Hakuwa na cheti cha ndoa, na hakudai kuwa mke. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la marehemu kama baba, na taarifa ya simu ya miaka miwili iliyoonyesha kwamba kila mwisho wa mwezi marehemu alimtumia pesa, kiasi kilekile, bila kukosa hata mwezi mmoja. Hakutoa hotuba. Aliweka karatasi mezani, akasema, "Mimi sitaki kitu. Huyu ndiye aliyekuwa akilelewa."

Hii ndiyo hoja yangu kuu ya kutetea uamuzi wa wadhamini dhidi ya karatasi. Fomu haikumjua mtoto huyo kwa kuwa hakuwa amezaliwa. Wosia nao haukumtaja, kwa maana marehemu, kwa sababu zake, hakutaka mkewe ajue. Barua ya chifu haikumtaja, kwa kuwa chifu huandika anayoambiwa na waliofika ofisini kwake. Waliokuwa na uwezo wa kumwona ni watu waliopewa wajibu wa kuuliza.

Tuligawa hivi. Mjane, aliyekuwa na ajira yake, asilimia 30, yaani shilingi 1,800,000. Watoto watatu, kila mmoja asilimia 20, yaani 1,200,000, na kwamba pesa za watoto zishikwe katika amana na kulipia karo na mahitaji yao hadi wawe watu wazima. Mama mzazi, asilimia 10, yaani 600,000. Kaka hakupata kitu, kwa sababu hatukuona ushahidi kwamba alimtegemea marehemu kwa lolote.

Hakuna aliyefurahi. Mjane alituuliza kwa nini tunakalia pesa za wanawe kana kwamba yeye hawezi kuzitunza. Aliumia zaidi kwa kuujua ukweli wa mtoto wa tatu ofisini kwetu, na kwa hilo sikuwa na neno la kumpa. Lakini aliyetufundisha kazi yetu ni kaka. Alirudi baada ya wiki mbili, akaomba jambo moja tu: "Nionyesheni mahali mlipoandika sababu."

Nilifungua kumbukumbu za kikao. Chini ya jina la marehemu palikuwa na jedwali la asilimia, na sentensi moja: wadhamini walikubaliana kwa kauli moja. Hapakuwa na kitu kingine. Tulikuwa tumejadili saa tatu. Tulikuwa tumepima umri wa kila mtoto, kipato cha mjane, na ile miaka kumi na minane kati ya fomu na kifo. Hakuna hata moja lililoandikwa. Mtu aliyekuwa ameteuliwa kwa asilimia 60 alikuwa ameteremshwa hadi sufuri, na karatasi yetu haikuweza kumwambia kwa nini.

Tuliitisha kikao kingine, tukaandika sababu kurasa mbili, tukampa kila aliyedai. Tulimwonyesha pia njia iliyo wazi kwa asiyeridhika: kuomba kwa maandishi kwamba uamuzi wa wadhamini upitiwe na Afisa Mkuu Mtendaji wa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, ile tunayoizoea kwa jina la RBA, na asiporidhika na hapo, kukata rufaa mbele ya jopo maalumu la rufaa za mafao ndani ya siku 30. Kaka alizisoma zile kurasa mbili palepale, miwani puani. Aliuliza maswali mawili kuhusu karo, akasema, "Mngeniambia haya mwanzo," akaenda zake. Hakukata rufaa.

Hapa ndipo nionapo kasoro ya mfumo wetu. Wadhamini wamepewa mamlaka makubwa juu ya pesa ambayo pengine ni kubwa kuliko kitu kingine chochote alichoacha mwajiriwa. Kwa kanuni za jumla za sheria ya amana, anayepitia uamuzi wao hatakiwi kuketi mahali pao na kugawa upya kwa sababu tu angegawa vingine. Huuliza kama walizingatia yaliyopasa kuzingatiwa, kama walichanganya yasiyopasa, kama walikuwa na nia njema. Lakini maswali hayo yatajibiwaje ikiwa kumbukumbu ina sentensi moja? Uamuzi usio na sababu hauwezi kupimwa, na usioweza kupimwa hufanana sana na upendeleo hata pale ambapo haumo.

Afrika Kusini imetangulia katika hili. Kifungu cha 37C cha Sheria yao ya Mifuko ya Pensheni ya mwaka 1956 nacho huyatoa mafao ya kifo nje ya mirathi, lakini huandika ndani ya sheria yenyewe kwamba wadhamini wana wajibu wa kuwatafuta wategemezi na kugawa kwa haki, na humchukulia aliyeteuliwa kuwa jambo moja miongoni mwa mengi ya kupimwa. Aidha, wanaye mwamuzi wa migogoro ya pensheni ambaye uamuzi wake huchapishwa, hivyo mjane wa leo anaweza kusoma jinsi mjane wa jana alivyotendewa. Kwetu, majibu ya maswali hayo yametawanyika katika vitabu vya kanuni vya mpango mmoja mmoja. Napendekeza jambo dogo: sheria imlazimishe kila mdhamini atoe sababu kwa maandishi kwa kila aliyedai, aliyepata na aliyekosa, kabla pesa haijatoka.

Watumishi wa serikali wanaosoma hapa wasidhani kwamba haya yote yanawahusu kwa namna moja. Waliobaki chini ya Sheria ya Pensheni ya zamani, Sura ya 189, wako upande wa pili wa mstari: kiinua mgongo cha aliyefia kazini hulipwa kwa msimamizi wa kisheria wa mirathi, kwa hiyo huko njia ya mahakama haiepukiki. Walioingia katika mpango mpya wa utumishi wa umma ulioanza tarehe 1 Januari 2021, wanaokatwa sehemu ya mshahara huku serikali ikichangia asilimia 15, wapo katika ulimwengu wa wadhamini na uteuzi. Watumishi wawili wanaoketi dawati moja wanaweza kufa siku moja, na familia zao zikafuata njia mbili tofauti kabisa. Uliza wewe uko upande upi.

Wasomaji wa Kiislamu huniuliza kama kadhi anaweza kuyagawa mafao haya kwa mafungu ya mirathi. Jibu ni lilelile: kwa kuwa hayamo katika mirathi kwa mujibu wa kifungu cha 36A, wadhamini hawafungwi na mafungu hayo. Familia ikishalipwa, kila mtu mzima yu huru kulipeleka fungu lake kwenye mgao wa kisheria wa dini yake kwa hiari. Lakini mdhamini hawezi kuwalazimisha, na sehemu ya mtoto haiguswi.

Jambo la mwisho ni la tofauti kati ya karatasi hizi mbili. Kwa Sheria ya Urithi, ukioa au kuolewa, wosia ulioandika kabla ya ndoa hiyo hufutika, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyohiyo. Sheria inatambua kwamba maisha yamebadilika. Fomu ya mpango wa uzeeni haina kinga ya aina hiyo. Mwenzetu alioa, akazaa, akajenga, na fomu ya kapera wa mwaka 2001 ikabaki palepale, ikimngoja. Haikufutika kwa ndoa wala kwa wosia. Ilihitaji mkono wake mwenyewe, kalamu, na dakika kumi katika ofisi ya raslimali watu.

Nendeni mkaulize mambo matatu katika mpango wenu: fomu yangu inasema nini leo, kanuni zetu zinamfunga mdhamini kwa fomu hiyo au zinamwongoza tu, na wadhamini wetu ni akina nani. Hilo la tatu lisipuuzwe. Katika mipango ambayo kila mwanachama ana akaunti yake ya michango, angalau nusu ya wadhamini hupendekezwa na wanachama wenyewe. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mcheshi katika mikutano ya wafanyakazi. Wenzangu waliponipigia kura hawakujua, na mimi pia sikujua, kwamba walikuwa wakimchagua mtu ambaye siku moja angeketi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao mbele yake, akiwa na kalamu mkononi, na wao wasiwepo kumweleza lolote.